Recall ya Outlook haimfikii mteja wa nje

"Bei niliyomtumia mteja ilikuwa na kosa, lakini nimeshaivuta." Kauli hii nimeisikia kwa watu wa mauzo mara nyingi mno. Anayeisema huwa amefungua barua kwenye Sent Items, amebonyeza File, kisha Info, akachagua Recall This Message, na dirisha likafunga bila kulalamika. Kwake kazi imekwisha.

Recall ni ombi ambalo Outlook inalipeleka kwa seva ya barua ya ofisi yenu ili ifute nakala iliyomo kwenye masanduku ya wafanyakazi wenzako. Hufanya kazi pale mtumaji na mpokeaji wako kwenye mfumo mmoja wa Exchange au Microsoft 365 wa taasisi moja. Basi.

Mteja hayumo humo. Barua ya kwenda nje hukabidhiwa seva ya upande wa pili, nayo ikishajibu kwa namba 250, maana yake imeipokea na dhamana ni yake. Utaratibu huo, SMTP, una amri za kumtaja mtumaji, kumtaja mpokeaji na kupeleka maandishi. Amri ya kudai barua irudishwe haimo, na seva yenu haina ruhusa ya kugusa sanduku la mtu wa kampuni nyingine. Watu huichanganya Recall na Undo ya Gmail, kumbe ile haivuti chochote: Gmail huishikilia barua kwa sekunde 5 hadi 30, kadiri ulivyopanga, kabla ya kuituma. Ukiwahi, ilikuwa haijaondoka.

Kwenye mifumo ya zamani ya Exchange kuna ubaya zaidi. Mteja anaweza kupata barua ya pili yenye kichwa kinachoanza na Recall: ikimwambia unataka kuirudisha ile ya kwanza. Kama alikuwa hajaifungua, sasa ataifungua.

Lakini kinachonikera hasa si ufundi. Ni kule kudhani kwamba kufuta nakala ya bei na kuondoa bei ni kitu kimoja. Tuseme duka la vigae Dar es Salaam limeitumia hoteli ya Zanzibar profoma ya mita za mraba 400, na mwandishi akageuza tarakimu: 24,500 badala ya 42,500 kwa mita. Jumla inasomeka milioni 9.8 ilhali ilitakiwa iwe milioni 17. Hata kama faili lingetoweka kimuujiza, mnunuzi aliyekwisha kulisoma anajua alichoahidiwa, na huenda ameshalipakua au kumpelekea mhasibu wake.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inamruhusu aliyetoa pendekezo kulitengua kabla ya kukubaliwa kwake kukamilika dhidi yake. Kwa lugha ya dukani: wahi kabla mnunuzi hajatuma jibu la "tumekubali". Na utenguzi humfunga mpokeaji pale anapoufahamu. Kwa hiyo kinachohesabika ni mteja kuambiwa, na Recall hata ingefaulu kimyakimya isingemwambia chochote.

Anza na simu, kwa sababu barua ya pili inaweza kukaa hadi kesho bila kusomwa. Halafu andika barua mpya, ukitaja namba ya profoma ili asibaki anakisia:

"Profoma Na. 0147 tuliyokutumia leo saa 4 asubuhi ina kosa la bei na tumeiondoa. Bei sahihi ni 42,500 kwa mita ya mraba, jumla 17,000,000. Tafadhali tumia Na. 0147A iliyoambatishwa, na ututhibitishie kwamba umeipata."

Badilisha na jina la faili pia. Mafaili mawili yenye jina moja ndiyo huishia kwa mhasibu wa hoteli akilipa lile la bei nafuu.

Kiambatisho kikiwa cha mteja mwingine, mwombe aliyekipokea akifute na akujibu kwamba amekifuta, kisha mjulishe bosi wako siku hiyohiyo. Nafuu ipo ukiwa ulituma kiungo cha OneDrive badala ya faili lenyewe, maana ruhusa ya kiungo unaweza kuifunga. Ila aliyekwisha kupakua amepakua.

Recall ibaki kwa barua za ndani, kama ratiba ya kikao uliyokosea tarehe. Kwa mteja wa nje, usiseme umeivuta barua. Sema umeiondoa bei na umemjulisha, mradi kweli umemjulisha.