Jina moja na nywila moja: maana ya kuunganisha ekstenda na waifai ya nyumbani

Ekstenda ni kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ambacho hupokea waifai ya ruta na kuirusha tena ifike mbali zaidi. Haileti intaneti mpya, wala haiongezi kasi ya kifurushi unacholipia. Inachobeba ni kile tu ilichopokea.

Chukua nyumba ya vyumba vinne kule Njiro, Arusha. Ruta iko sebuleni, karibu na dirisha ambapo fundi aliingizia waya wa faiba. Kutoka hapo hadi chumba cha nyuma kuna kuta tatu za tofali za simenti. Ukipima nguvu ya mawimbi kwa simu, sebuleni unapata -45 dBm, koridoni -60, chumba cha nyuma -82. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu, na kwenye -82 simu ya video hukatikakatika.

Wengi huichomeka ekstenda kulekule chumba cha nyuma, kwa kuwa ndiko kwenye shida. Lakini hapo nayo itapokea -82 ileile, na itarusha kwa nguvu kitu kilichokwisha kuchakaa. Mahali pake ni koridoni, ambako bado inaisikia ruta vizuri.

Sasa jina. Ekstenda nyingi, ukiziwasha mara ya kwanza, hurusha jina la ruta likiwa limeongezewa mkia, kwa mfano `Nyumbani_EXT`. Kwa simu hiyo ni mitandao miwili tofauti. Ukitoka sebuleni kwenda chumbani, simu inang'ang'ania `Nyumbani` hadi ikatike kabisa ndipo itafute mwingine, na ukirudi sebuleni inabaki kwenye `Nyumbani_EXT` huku ruta iko mbele yako.

Ukizipa zote mbili jina moja, nywila moja na aina moja ya ulinzi, tuseme `WPA2-PSK`, simu inauona mtandao mmoja wenye milango miwili na inachagua yenyewe ipite upi. Hapa lazima herufi zifanane kabisa: `Nyumbani` na `nyumbani` ni majina mawili, na hata nafasi tupu iliyobaki mwishoni huhesabika. Kama vifaa vyote viwili vina kitufe cha `WPS`, bonyeza cha ruta, kisha cha ekstenda kabla dakika mbili hazijapita, na ekstenda itanakili jina na nywila. Baada ya hapo ingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio uhakikishe ule mkia umeondoka, kwenye masafa ya 2.4 GHz na ya 5 GHz pia.

Jambo ambalo watu hulikosea ni kudhani ekstenda ndiyo inayoihamisha simu. Anayeamua ni simu yenyewe. iPhone, kwa mfano, huanza kutafuta mlango mwingine mawimbi yakishuka kufikia -70 dBm. Kwa hiyo ukisimama koridoni kando ya ekstenda na simu bado imeshika ruta kwa -60, hakuna kilichoharibika. Ukitaka kujua umeshika kipi, kwenye kompyuta ya Windows andika:

```
netsh wlan show interfaces
```

Mstari wa `SSID`, yaani jina la mtandao, utabaki uleule nyumba nzima, ila wa `BSSID`, yaani anwani ya kifaa kinachorusha, utabadilika ukihamia kwenye ekstenda.

Jina moja lina gharama yake siku ukibadilisha nywila ya ruta. Ekstenda inabaki na ile ya zamani, kwa hiyo haiwezi tena kuingia kwenye ruta, lakini baadhi huendelea kurusha `Nyumbani` kama kawaida. Simu ambazo hazijapewa nywila mpya zitaingia huko na kuonyesha zimeunganishwa ila hakuna intaneti. Wenye nyumba huanza kumpigia mtoa huduma, wakati sebuleni intaneti inatembea vizuri. Dalili ndiyo hiyo: mbele kunafanya kazi, nyuma kumekufa. Ungana na ekstenda kwa nywila ya zamani, fungua ukurasa wake, ipe kwanza nywila mpya ya ruta, kisha uweke hiyohiyo kwenye mtandao inaourusha.

Kuna kikomo pia. Ekstenda ya bei nafuu yenye redio moja hupokea na kurusha kwa zamu kwenye chaneli ileile, kwa hiyo kasi yake hushuka hadi karibu nusu. Kwa kuperuzi na simu za video, hiyo inatosha chumba cha nyuma. Kama unataka kufikisha waifai kwenye vyumba vya uani, usiongeze ekstenda ya pili inayotegemea ya kwanza, maana kasi hukatwa tena. Vuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta, ambao hufika hadi mita 100, ufunge kirushio cha waifai mwisho wake. Kipe jina na nywila zilezile, ila kwenye 2.4 GHz kiweke chaneli tofauti: ruta ikiwa kwenye 1, chenyewe kiwe kwenye 6 au 11.