Kwa nini sigma ikihamishwa mwanzo wake jumla haibadiliki?

"Mwalimu, hivi kwa nini sigma inayoanza na 4 tunaruhusiwa kuigeuza ianze na 1, halafu jibu libaki lilelile?"

Kwa sababu ile herufi iliyo chini ya sigma ni ya kuhesabia tu. Kinachojumlishwa ni namba zenyewe, na namba hizo hazijali umezipa majina gani ilimradi zibaki zilezile zote.

Tuchukue machungwa ya Muheza. Muuzaji anayapanga kwa tabaka za mraba, kila chungwa likikaa kwenye kishimo kati ya manne ya chini yake. Juu kabisa lipo moja, tabaka la pili lina manne, la tatu tisa, na tabaka la k lina k². Tuseme rundo lina tabaka kumi, wateja wa asubuhi wamemaliza tatu za juu. Yaliyobaki ni haya:

```
 10
  Σ  k²
k=4
```

Yaani 16 + 25 + 36 + 49 + 64 + 81 + 100. Alama hii Σ aliianzisha Leonhard Euler mwaka 1755, na inasomeka hivyohivyo: weka k = 4, kisha 5, endelea mpaka 10, jumlisha.

Sasa, kanuni ya jumla ya namba za mraba, n(n+1)(2n+1)/6, inaanza kuhesabu kwenye 1. Sisi tunaanza kwenye 4. Basi tuzipe tabaka zilizobaki namba mpya: ya juu iitwe 1, inayofuata 2, hadi ya chini iitwe 7. Namba mpya tuiite j. Hapo j = k − 3, na ukiigeuza, k = j + 3. Kwa hiyo mipaka inashuka kwa 3, lakini ndani ya mabano tunaongeza 3:

```
  7
  Σ  (j + 3)²
j=1
```

Wengi hutatizika hapa, maana inaonekana kama mambo mawili yanayopingana. Hayapingani. Tabaka la chini sasa linaitwa la 7, lakini bado lina machungwa 100, kwa hiyo zile 3 zilizopunguzwa kwenye jina lazima zirudishwe ndani. Anayeandika (j − 3)² atapata 35 rundo zima, ilhali tabaka la chini peke yake lina 100. Dawa ni kupima ncha mbili kabla ya kuendelea: j = 1 inatoa 16, j = 7 inatoa 100. Zikilingana na zile za mwanzo, umehamisha sawasawa.

Tukifungua mabano tunapata j² + 6j + 9. Kujumlisha hakuna foleni, unaweza kuanza na namba yoyote, kwa hiyo tunakusanya j² zote upande mmoja, 6j zote upande mwingine, na zile 9 peke yake. Ile 6 inazidisha kila j, basi tunaitoa nje ya sigma. Jumla ya j² kutoka 1 hadi 7 ni 140. Jumla ya j ni 28, mara 6 ni 168. Na 9? Hiyo haina j, lakini inajirudia kwa kila tabaka, tabaka zote saba, kwa hiyo ni 63. Ukiiandika 9 tu utakosa machungwa 54. Tabaka ni saba, si sita: ni 10 − 4 + 1, kwa kuwa la 4 nalo limo.

140 + 168 + 63 = 371. Njia nyingine ya kuhakikisha: rundo zima la tabaka kumi lina 385, zilizouzwa ni 1 + 4 + 9 = 14, zinabaki 371.

Kusema kweli, kwa swali hili kutoa 14 ni haraka zaidi. Kuhamisha mwanzo kunaonyesha nguvu yake pale jumla mbili zinapoanza mahali tofauti. Jirani ana rundo lenye tabaka za 3 hadi 9, nawe unataka kujua umemzidi kwa machungwa mangapi. Lake liandike lianze na 4 kama lako: mipaka inapanda kwa 1, ndani inakuwa (k − 1)². Sasa sigma zote mbili zinatoka 4 hadi 10, unaweza kutoa lake kwenye lako chini ya alama moja:

```
 10
  Σ  [k² − (k − 1)²]
k=4
```

Mabano yakifunguka inabaki 2k − 1. Jumla ya k kutoka 4 hadi 10 ni 49, mara 2 ni 98, toa 1 mara saba, inabaki 91. Nayo ni 100 − 9: tabaka lako la chini asilokuwa nalo, ukitoa la kwake la juu usilokuwa nalo wewe.

Kugawa sigma vipande namna hii kunafaa pale ndani yake pana kujumlisha na kutoa tu. Sigma ya namba mbili zilizozidishwa, kama k × k, haigawanyiki hivyo: k ikitoka 1 hadi 3, 1 + 4 + 9 ni 14, lakini (1 + 2 + 3) × (1 + 2 + 3) ni 36.