Kipimo cha kidole hakiko kama unavyodhani

"Nikijisaidia naona damu. Si bawasiri tu? Ya nini kwenda kuvuliwa nguo na kuumizwa?"

Huenda ni bawasiri kweli, ila mpasuko wa njia ya haja kubwa na saratani ya utumbo mpana navyo hutoa damu. Kwa macho yako huwezi kuvitofautisha, ndiyo maana daktari hupima njia ya haja kubwa kwa kidole.

Kipimo chenyewe huchukua dakika moja hivi. Unashusha nguo hadi magotini, unalala kwa ubavu wa kushoto na kukunja magoti kuelekea kifuani, shuka juu yako. Daktari hutazama nje kwanza, kisha huingiza kidole kimoja chenye glavu na jeli. Utahisi kama choo kinataka kutoka, hakitoki. Maumivu yakiwa makali sema, ataacha. Unaweza kuomba daktari wa jinsia yako, au muuguzi awepo. Bawasiri ya ndani mara nyingi haishikiki kwa kidole, kwa hiyo usishangae ukipangiwa kipimo kingine.

Kinachoharibu zaidi ni maelezo ya kuzungukazunguka. Shangazi yangu alisema "tumbo linanisumbua", akapewa dawa ya minyoo. Aliporudi alinyoosha: "Wiki ya sita sasa, nikienda haja kubwa nahisi kukatwa na wembe, halafu damu nyekundu inadondoka." Hapo daktari akashuku mpasuko, na ndio uliokuwepo. Damu iliyochanganyika na choo, au choo cheusi kama lami, ni habari nyingine. Itaje siku hiyohiyo. Taja pia vidonge vya madini ya chuma, maana navyo hutia choo weusi.