"Akaunti yetu imebadilika": dhana potofu na ukweli

Mwaka jana ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Kampala ilihama benki. Kuwaarifu wateja kuliniangukia mimi mhasibu, na nilidhani ni barua ya aya mbili tu. Nilipomaliza kuiandika nikaisoma tena, nikaona kwamba mwizi naye angeandika hivyohivyo: "Mteja wetu mpendwa, tumebadilisha benki, kuanzia leo lipia akaunti ifuatayo." Wateja wetu wako Bunia, Juba, Arua na Eldoret, na wengine sijaonana nao tangu waje mara ya kwanza. Wangetutofautisha na mwizi kwa kipi? Majibu niliyopewa, na wateja na hata wenzangu ofisini, mengi yalikuwa si sahihi.

Dhana: Barua ina nembo, muhuri na sahihi ya mkurugenzi, basi ni yao.

Anayesema hivi hajapita Nasser Road. Pale muhuri unatengenezwa ukiwa umekaa unasubiri, na nembo ya kampuni yoyote inachapwa safi kuliko ya wenyewe. Siku hizi hata safari hiyo haihitajiki. Mwizi akipata ankara yetu moja ya kweli, anafuta namba ya akaunti na kuweka yake, na vilivyobaki vyote ni halali: namba ya kontena, kiasi, jina langu chini.

Kuna wanaotegemea alama ya EFRIS iliyo kwenye ankara, yaani ya mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Ule msimbo wa QR ukiukagua kwa URA unakuthibitishia muuzaji, TIN yake na kodi iliyotozwa. Haukuambii lolote kuhusu akaunti ya benki iliyoandikwa kando yake.

Dhana: Imeli imetoka kwenye anwani yao ileile, nimeangalia.

Mara nyingi aliyeangalia ameona jina tu, maana simu huonyesha jina la mtumaji na kuficha anwani. Na hata ukiifungua anwani, jicho linadanganyika: andika kampala kwa kuweka r na n mahali pa m, ipate `karnpala`, kisha uisome kwenye kioo kidogo juani.

Njia ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu anwani inakuwa ya kweli kabisa. Mwizi ameiba nywila ya mfanyakazi, ameingia kwenye sanduku lake la barua, na anasoma kimya kwa wiki kadhaa. Anajua nani anadaiwa, kontena gani limefika Malaba, na sisi tunawaitaje wateja. Kisha anaweka kanuni ndani ya sanduku ili majibu ya mteja anayemlenga yahamie kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua. Mwenye anwani haoni kitu. Ukimjibu kwa imeli "je, ni kweli mmebadilisha?", anayekujibu ni mwizi, na atakushukuru kwa uangalifu wako.

Dhana: Nitatuma kidogo kwanza. Zikifika, natuma zilizobaki.

Hii ndiyo iliyokaribia kutuumiza. Siku nne baada ya barua yetu ya kweli, mteja wetu mmoja wa Bunia alipokea nyingine, yenye kichwa "Marekebisho": samahani, namba ya awali ilikosewa tarakimu, tumia hii. Mwizi aliivizia taarifa yetu na kuigeuza kuwa chambo chake. Alikuwa ndani ya sanduku la kijana wetu wa mauzo.

Mama yule ni mwangalifu. Alikuwa anadaiwa dola 18,400, akatuma dola 100 za kujaribu. Kesho yake akapata imeli: "Tumezipokea, asante Mama, endelea." Kabla hajaenda benki alinipigia, na wala si kwa ajili ya pesa, alitaka kujua kontena limetoka Malaba au bado. Mwisho wa mazungumzo akasema, kama anayeaga:

"Zile mia moja mumeziona, basi kesho naleta zote."

"Mia moja gani, Mama?"

Kimya. Nikasikia anamwambia mtu pembeni afunge mlango.

Malipo ya majaribio yanathibitisha kwamba akaunti ipo, na ya mwizi nayo ipo. Yana maana kwa masharti mawili. Tuma kiasi cha ajabuajabu, tuseme shilingi 11,370, usikitaje popote kwa maandishi. Kisha piga namba ya zamani uulize, "Leo mmepokea ngapi kutoka kwangu?" Asiyekuwa na akaunti ile hawezi kujibu.

Dhana: Mimi hupiga simu kuhakikisha.

Vizuri, lakini unapiga namba ipi? Barua ya mwizi huwa na namba ya simu, na mtu huipokea kwa heshima zote. Piga ile uliyokuwa nayo kabla barua haijafika, iliyo kwenye mkataba wa mwanzo au kwenye ankara ya miaka miwili iliyopita. Ukishapata mtu unayemjua sauti, usimsomee namba ya akaunti umuulize kama ni sawa. Mtu mwenye haraka atasema ndiyo huku akisaini karatasi nyingine. Mwache yeye akusomee tarakimu nne za mwisho, wewe ulinganishe.

Dhana: Jina na namba visipolingana, benki itarudisha.

Usiitegemee hiyo. Tumezoea mobile money, ambapo jina la mpokeaji linatokea kabla hujaweka PIN, tukadhani benki nazo lazima zifanye hivyo. Malipo mengi ya benki husafiri kwa namba, na jina ulilojaza huenda lisilinganishwe na chochote. Malipo ya RTGS, yale ya benki kwa benki yanayopita papo hapo, yakishakamilika hayafutwi na aliyetuma. Benki yako itaiomba ile nyingine izuie fedha. Zikiwa bado zimo kuna matumaini, ingawa kuzirudisha huhitaji ridhaa ya mwenye akaunti au amri ya mahakama. Zikiwa zimetolewa, unabaki na kesi. Kwa hiyo piga simu benki kwanza, saa hiyohiyo, ndipo uende polisi kuandikisha taarifa. Sheria ipo tangu 2011, ile ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, lakini sheria haikimbii kasi ya ATM.

Dhana: Ukihamia benki mpya, funga ya zamani mara moja ili wateja wasichanganyikiwe.

Mkurugenzi wetu alitaka hivyo, na hapa ndipo tulipobishana zaidi. Silaha ya mwizi ni haraka: akaunti ya zamani imefungwa, iko kwenye ukaguzi, mzigo utakaa bandarini ukila gharama. Akaunti ya zamani ikiwa wazi, haraka hiyo inakosa nguvu. Baada ya tukio la Bunia tulibadilisha nywila, tukafuta ile kanuni ya folda, na tukaandika taarifa upya, bila namba ya akaunti ndani yake:

"Tunahamia benki nyingine. Namba mpya hatutaiandika kwenye imeli wala WhatsApp. Utaipata ukitupigia kwa namba uliyonayo tangu zamani, au ukifika ofisini. Akaunti ya zamani itapokea malipo kwa miezi sita, na ukiwa na shaka yoyote lipia hiyo, mzigo wako hautacheleweshwa. Hatutatuma marekebisho ya barua hii. Ukiyapata, hayakutoka kwetu."

Simu zilikuwa nyingi wiki mbili za kwanza, kiasi kwamba niliacha chakula cha mchana. Mteja wetu wa Eldoret aliendelea kulipia akaunti ya zamani hadi siku ya mwisho ya ile miezi sita. Ilitugharimu makato ya benki ya kila mwezi.