Ankara za frilansa na kodi yake: hesabu ya mfasiri mmoja wa Dar

Mwezi Februari alinijia mfasiri mmoja anayejitegemea, hofu imemjaa. Alikuwa amekaa na kikokotoo usiku kucha na kugundua kwamba anadaiwa zaidi ya milioni 7 za kodi ya mapato ya mwaka 2025. "Mhasibu, hizi hela sina," akaniambia kabla hata hajaketi. Nikamwambia atoe taarifa ya benki na ankara zake zote, tuanze upya. Alikuja na taarifa ya benki tu, na matatizo yalianzia hapo.

Kwanza tuweke jambo moja sawa. Wengi wanadhani kila mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka analipa kodi ndogo inayopigwa kwenye mauzo, kama mwenye duka. Utaratibu huo hauwahusu wanaouza huduma za kitaalamu. Mfasiri wangu anatozwa kwenye faida, kwa viwango vinavyopanda, na kwa hiyo mapato na matumizi yake lazima yajulikane.

Benki ilionyesha kwamba mwaka mzima ziliingia 27,700,000. Yeye akazichukua hizo kuwa ndiyo mapato yake. Lakini wateja wake wakubwa ni kampuni, na kampuni inapomlipa mtaalamu mkazi hukata asilimia 5 ya kodi ya zuio na kuipeleka TRA. Ankara alizowaandikia na wakazilipa zilikuwa za 22,000,000. Wao wakakata 1,100,000, benki zikafika 20,900,000. Nyingine 6,800,000 zilitoka kwa watu binafsi waliotaka vyeti vya ndoa na vya shule vitafsiriwe, nao hawakukata kitu. Mapato yake halisi basi ni 28,800,000. Ile milioni moja na laki moja ni yake, ila imetangulia serikalini kwa jina lake.

Ukianzia kwenye taarifa ya benki kisha mwishoni ukaondoa tena kodi ya zuio, umeipunguza mara mbili. Kwake yeye kosa hilo lingeshusha kodi kwa 330,000, na lingeonekana bila shida: kampuni iliyokata huwasilisha kiasi chote cha malipo kwenye TIN yake, kwa hiyo afisa anaweza kulinganisha namba hizo na ritani yake akiwa mezani kwake.

Kulikuwa pia na ankara ya 2,600,000 aliyoituma katikati ya Desemba, ikalipwa Januari. Je, ni ya mwaka gani? Sheria inamruhusu mtu binafsi mwenye biashara kuhesabu kwa fedha taslimu, yaani kipato ni kile kilichopokelewa, au kwa ankara zilizotolewa hata kama hazijalipwa, ilimradi njia hiyo ionyeshe mapato yake sawasawa. Huyu tangu aanze amehesabu kwa fedha taslimu, hivyo ankara hiyo inakwenda 2026. Angekuwa anahesabu kwa ankara, angeongezewa kodi ya 780,000 kwa fedha ambazo hadi tarehe 31 Desemba hakuwa amezishika. Usichague njia kila mwaka kwa kuangalia ipi itakupunguzia. Ukitaka kubadili unaomba kwa Kamishna.

Tukaja kwenye matumizi. Kanuni ni kwamba matumizi yawe yamefanyika kwa ajili ya kuzalisha mapato hayo tu. Meza anayokodi kwenye ofisi ya pamoja, 150,000 kwa mwezi, ilikuwa na risiti za EFD zote kumi na mbili: 1,800,000. Intaneti ya nyumbani ilimgharimu 1,200,000, lakini watoto nao huangalia katuni humo humo. Tukakubaliana kwamba asilimia 60 ndiyo ya kazi, akaandika sababu zake kwenye karatasi, tukachukua 720,000. Uchapishaji na kubandika majalada, 480,000. Bodaboda alikuwa ameziandika kwenye daftari, 640,000 bila risiti hata moja. Nikazikataa. Siyo kwamba namwona mwongo. Ni kwamba makadirio yanayosimama juu ya daftari la bodaboda hayasimami siku ya ukaguzi.

Kompyuta ndiyo iliyotuchelewesha. Aliinunua mwaka huo huo kwa 2,400,000 na akaiondoa yote kwenye mapato. Kompyuta ni mali ya kudumu, inaingia kwenye kundi la kwanza la uchakavu, asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Mwaka wa kwanza anapata 900,000. Mwaka unaofuata asilimia hiyo itapigwa kwenye 1,500,000 iliyobaki, yaani 562,500. Hajapoteza kitu, anakipata polepole.

Jumla ya matumizi 3,900,000. Faida inayotozwa kodi, 24,900,000.

Sasa tufike pale alipojitisha. Alisikia kwamba ukizidi milioni 12 unatozwa asilimia 30, akapiga asilimia 30 kwenye faida yote. Ukifanya hivyo kwa 24,900,000 unapata 7,470,000. Viwango havifanyi kazi hivyo. Fikiria ndoo zilizopangwa, kila moja ikijaa maji humwagikia inayofuata, na kila ndoo ina kiwango chake. Kwa mtu binafsi mkazi wa Tanzania Bara mwaka huo, 3,240,000 za kwanza hazitozwi kitu. 3,000,000 zinazofuata zinatozwa asilimia 8, ambayo ni 240,000. Kisha 2,880,000 kwa asilimia 20, ni 576,000, na 2,880,000 nyingine kwa asilimia 25, ni 720,000. Hapo tumefika milioni 12 na kodi ni 1,536,000. Zilizobaki, 12,900,000, ndizo zinazotozwa asilimia 30: 3,870,000. Kodi ya mwaka ni 5,406,000.

Kuna njia ya mkato ninayoitumia nikiwa kwenye simu na mteja. Kama faida imepita milioni 12, piga asilimia 30 kwenye yote, kisha toa 2,064,000. Ndiyo tofauti kati ya asilimia 30 ya milioni 12 na ile 1,536,000, na haibadiliki hata faida ikiwa milioni 13 au 80. Jaribu: 7,470,000 toa 2,064,000.

Kwenye 5,406,000 tunaondoa zuio la 1,100,000. Lakini tuliposhika hati za zuio, za mteja mmoja hazikuwepo, 240,000 zilizokatwa kwenye ankara ya 4,800,000. Bila hati sidai. Nikamwambia amfuate mhasibu wao wiki hiyo hiyo, na hadi hati ipatikane atenge hizo laki mbili na arobaini pembeni kana kwamba anazidaiwa. Hati ilikuja baada ya siku kumi na simu nne.

Kisha tunaondoa awamu nne za 500,000 alizolipa ndani ya mwaka. Linabaki deni la 2,306,000, la kulipwa pamoja na ritani kabla ya Juni kwisha.

Lakini hapo hapo nikaona jingine. Makadirio aliyopeleka Machi 2025 yalikuwa kodi ya 3,100,000. Makadirio yakiwa chini ya asilimia 80 ya kodi halisi, riba inaanza kuhesabiwa, na asilimia 80 ya kodi yake ni 4,324,800. Alijua tangu Julai kwamba kazi zimeongezeka, na alikuwa na nafasi ya kurekebisha makadirio katikati ya mwaka. Hakuambiwa na mtu. Kwa 2026 tumeanza na 5,400,000, tukitarajia zuio kama la mwaka uliopita, kwa hiyo kila awamu ni kama 1,075,000. Ya kwanza inaisha Machi 31. Juni, kabla ya awamu ya pili, ataniletea ankara za nusu mwaka tuzijumlishe tena.