Taa "haiingii maji". Haya, kwa upande gani?

Wiki iliyopita mteja mmoja wa Kimara alinirushia picha ya taa ya bafuni kwake. Balkhedi ya duara, imejaa maji hadi nusu kama bakuli la uji, na mende wawili wanaelea humo, marehemu. Chini ya picha kaandika: "Fundi, mbona kwenye boksi waliandika haiingii maji?"

Hawakumdanganya. Taa ile kweli haikuingiza maji, ila fundi aliyeifunga aliitoboa juu kupitisha waya, akaacha tundu wazi. Bafu la ghorofa ya juu lilikuwa linavuja, maji yakafuata waya taratibu mpaka ndani ya taa. Na kwa kuwa taa haiingii maji, basi haitoi maji vilevile.

Hiyo ni mara ya tatu mwaka huu, ndiyo maana naandika. Watu wanasoma neno moja kwenye boksi na kuona wameruhusiwa kuweka taa popote, hata usawa wa pua ya anayeoga.

Tuanze na namba. Kwenye taa utaona IP44, IP65 na kadhalika. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na vidole, iache. Ya pili ndiyo ya maji: 4 inavumilia kurushiwa matone kutoka pande zote, 5 inavumilia maji ya kusukumwa kwa bomba, 7 inavumilia kuzamishwa kwa muda mfupi. Basi. Namba haikwambii taa ifungwe wapi, wala haikwambii itakuwaje ukiitoboa kwa bisibisi ya moto. Ukitoboa, umenunua IP65 na kufunga taa isiyo na namba.

Taa za jipsamu zina ujanja wake. Nyingi zilizoandikwa IP65 zinahesabiwa kwa uso wake tu, ule unaoonekana bafuni. Mgongo wake ulio ndani ya dari hauna kinga yoyote ya maana. Hata huo uso unategemea mpira mwembamba unaobanwa kwenye dari. Boksi linasema tundu liwe milimita 75, fundi anakata kwa kisu, linatoka 85 na kona moja imemeguka, kisha anaziba na rangi. Panda kwenye stuli uangalie ukingo wa taa yako. Kama unaona mstari mweusi upande mmoja, mpira haujagusa dari, na mvuke unapita hapo kila asubuhi.

Sasa jambo linalonikera zaidi: vipimo. Kila mwenye simu ananitumia mchoro uleule wa bafu lenye beseni kubwa la kulala, na mstari wa sentimita 60 pembeni. "Fundi, hapa ni sentimita 60, tuko salama." Mchoro ni sahihi, lakini bafu si lako! Zile 60 zinahesabiwa kuanzia ukingo wa beseni. Bafu zetu nyingi hazina beseni. Shawa imetoka ukutani, sakafu imeinamishwa kidogo kuelekea kwenye tundu la maji, na maji yanatapakaa kote mpaka kwenye ndara mlangoni.

Kwa bafu la namna hiyo kanuni ya kimataifa ya umeme wa bafuni, IEC 60364-7-701, inapima tofauti. Unasimama pale maji yanapotokea, mahali palipofungwa shawa, na unazungusha mita 1.2. Fikiria pipa lililosimama, upana wake mita 1.2 kila upande, kutoka sakafuni mpaka mita 2.25 kwenda juu. Shawa ikiwa juu zaidi ya 2.25, na pipa linapanda nayo. Ndani ya pipa hilo ndimo ukanda wa 1: taa iwe angalau na 4 ya maji, soketi marufuku, swichi ya kawaida marufuku. Sakafu ni ile iliyokamilika, yenye vigae. Nimeshapimiwa kutoka kwenye zege, kisha vikaja saruji na vigae, dari ikashuka sentimita nane bila mtu kuisogeza.

Chukua bafu nililolifanya Tabata, la chumba cha masta. Upana mita 1.5, urefu mita 2.4. Shawa iko katikati ya ukuta mfupi wa mwisho, mlango uko ukuta wa pili unaotazamana nao. Kutoka shawa kwenda ukuta wa kushoto ni sentimita 75 tu, kwa hiyo upana wote umemezwa na ule mzunguko. Nikafunga kamba ya mita 1.2 kwenye bomba la shawa na kuivuta kuelekea ukuta wa pembeni. Iligusa ukuta sentimita 94 kutoka kwenye kona. Nikaweka alama ya penseli. Kuanzia hapo kwenda mlangoni ni nje ya ukanda.

Mama mwenye nyumba alitaka kioo cha sentimita 60 kwenye ukuta huohuo, na taa mbili pembeni yake. Katikati ya kioo tukapaweka mita 1.6 kutoka ukuta wa shawa, kwa hiyo taa ya karibu iliangukia kama mita 1.25. Tumevuka alama kwa sentimita 31. Kanuni imeridhika, nami nikaridhika nusu.

Nusu kwa sababu kanuni haijui ndoo. Inapima kutoka kwenye shawa iliyofungwa ukutani. Nani hapa mjini hajaoga na ndoo na kopo maji yalipokatika? Ndoo inakaa katikati ya bafu, mtu anajimwagia akiwa amesimama kando ya sinki, na lile pipa langu la mita 1.2 liko kule linaoga peke yake. Shawa ya mpira wa kushika mkononi nayo inamfuata mtoto hadi mlangoni. Hapo kitabu hakinisaidii. Ninachofanya, na fundi mwenzangu anaweza kubisha, ni kuhesabu bafu lote dogo kuwa ukanda wa 1. Taa za kioo za Tabata hazikuhitaji namba kubwa, nikafunga IP44 hivyohivyo. Tofauti ya bei haikuzidi nauli yangu ya siku hiyo.

Taa ya juu ya shawa ndiyo ilituchukua muda. Dari baada ya jipsamu ilikuwa mita 2.4, ina maana taa ya darini iko juu ya pipa, nje ya ukanda kabisa. Kwa mujibu wa karatasi ningeweza kuweka chochote. Lakini baba wa nyumba ile ana karibu mita 1.9, akiinua mkono kujipaka sabuni kwapani anagusa dari. Nikaweka taa ya volti 12, na kile kiboksi chake cha kupunguza umeme nikakipeleka chumbani, juu ya kabati. Kukificha darini juu ya shawa ni kurudisha volti 230 palepale ulipozikimbia. Na kiwe kile kinachotenganisha kabisa umeme wa nyumba na wa taa. Vipo vya bei poa vinavyotoa volti chache bila kutenganisha chochote, na kwa macho vinafanana.

Hapa kuna anayesema: "Fundi, hiyo ni LED ya wati 9, umeme mdogo, haiwezi kumuua mtu." Gawa 9 kwa 230. Unapata karibu miliampia 39. Kifaa cha kuokoa mtu kinawekwa kukata kwenye 30. Hata hivyo hesabu hiyo ni ya kukunyamazisha tu, maana ukigusa waya wa laivu mwili wako hauombi ruhusa kwa wati za taa. Unavuta kadiri ngozi yako iliyoloa inavyoruhusu.

Na breka ya taa haitakusaidia. Ile ya ampia 6 inalinda waya usiungue, na miliampia 100 zinazoweza kusimamisha moyo haizioni. Anayekulinda ni kile kifaa chenye kitufe cha T, ambacho wengi bado tunakiita iasi libiti ijapokuwa siku hizi kimeandikwa RCCB. Soma usoni pake: unatafuta `IΔn 0.03A`. Ukikuta `0.3A`, hicho ni cha kuzuia moto, mtu hakimtoshi. Bonyeza T. Kisipokata, hakifanyi kazi. Kikikata umejua mtambo wake ni mzima, ingawa hujajua kama fimbo ya ethi nje bado ina maana yoyote. Hilo linataka kipimo.

Mara nyingi nakikuta kimerukwa. Sababu huwa ni hita ya shawa ile ya papo kwa papo. Maji ya kisima yenye chumvi yanapitisha umeme vizuri, waya wa kuchemshia uko wazi ndani ya maji, kidogo kinavuja, kifaa kinakata. Mama anaungua na baridi, fundi anaunganisha waya moja kwa moja, wote wanafurahi. Na taa za bafuni zilikuwa kwenye kifaa hichohicho, sasa hazina mlinzi. Tenganisha hita na taa, kila mmoja na kifaa chake, na kama maji yenu ni ya chumvi nunua hita ambayo waya wake umefunikwa.

Kuhusu mwanga wenyewe sina maneno mengi. Taa moja darini nyuma ya kichwa inakuchoresha matundu ya macho kama fuvu, ndipo watu wanajikata kidevu wakinyoa. Weka taa pande mbili za kioo, usawa wa uso. Rangi, 4000 K inatosha. Ile nyeupe ya 6500 K inayopendwa madukani ndiyo inayomfanya dada apake poda sawasawa bafuni kisha juani aonekane kavaa barakoa. Tafuta pia Ra 90 kwenye boksi, hiyo ni namba ya jinsi taa inavyoonyesha rangi za vitu kama zilivyo.

Mteja wa Kimara nilimfungulia taa Jumamosi. Kabla ya yote niligusisha testa kwenye holda swichi ikiwa imezimwa, ikawaka. Swichi ilikuwa inakata nyutro, laivu ilikuwa inakaa kwenye maji yale usiku kucha pamoja na mende. Nimegeuza waya, nimefunga taa mpya na waya ukiingilia chini, nikauacha uning'inie kidogo kabla ya kuingia ili tone lidondoke pale. Anayevujisha juu bado hajapatikana, kila mpangaji anasema ni wa mwenzake.