Maji ya chupa ya juani: si joto linaloua vijidudu

“Nikianika chupa ya maji juani mpaka yapate moto, si vijidudu vimekufa? Hata yakiwa na tope kidogo?”

Hapana. Kazi kubwa hufanywa na mwanga, hasa mionzi ya urujuanimno, inayoharibu chembe hai za vijidudu. Joto husaidia kweli maji yakifika nyuzi 50, lakini mara nyingi hayafiki huko. Kwa hiyo kuyagusa na kuyakuta ya moto hakukuambii lolote.

Tumia chupa ya plastiki angavu, isiyo na rangi wala mikwaruzo mingi, isiyozidi lita 2. Ilaze juani saa 6 mfululizo, pasipo kivuli kitakachoifikia baadaye. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, iache siku 2 nzima. Mvua ikishinda inanyesha, chemsha tu.

Tope ndilo linaloharibu mambo. Kila chembe ya udongo humeza mwanga au kuutawanya, na kijidudu kilichojificha nyuma yake hakiguswi, hata ukiongeza saa. Kupima ni rahisi: simamisha chupa iliyojaa juu ya kichwa cha habari cha gazeti, kisha chungulia kupitia mdomoni hadi chini. Herufi zisiposomeka, yaache maji yatuame, yamimine taratibu, uyachuje kwa kitambaa safi, upime tena. Yakishindikana, chemsha.

Na maji yenye chumvi au sumu ya viwandani yatabaki vilevile. Jua haliondoi kemikali.